Hotuba ya mkutano wa mtaa: tabia tatu zinazomnyima tapeli wa simu hela yako

Ukipewa nafasi ya kuongea kwenye mkutano wa mtaa kuhusu matapeli, usiende na orodha ya mbinu zao. Najua ndio kitu cha kwanza kinachokuja kichwani, unaanza kuhesabu, kuna wa ile hela tuma kwenye namba hii, kuna wa mtoto wako kaanguka shuleni, kuna wa freemason, kuna wa umeshinda bahati nasibu, kuna wa mkopo wa haraka, na watu wanatikisa vichwa wanakubali kabisa, alafu wiki mbili baadae anakuja tapeli na hadithi ambayo haikuwa kwenye orodha yako na mtu anatuma. Hadithi zinabadilika kila siku. Kinachobaki vilevile ni vitu vitatu: tapeli anataka uongee nae kwa njia anayoishika yeye, anataka uamini ushahidi anaokuletea yeye, na anataka uamue ukiwa peke yako na haraka. Kwa hiyo hotuba yako ifundishe tabia tatu tu, kila moja inavunja kimoja kati ya hivyo.

Hapa chini nimeiandika hotuba nzima kama ningeiongea mtaani kwetu hapa Mwanza, pamoja na maelezo ya jinsi ya kuipanga. Ukiwa Igoma, Mabatini, Nyakato, Buhongwa au hata Sengerema na Ukerewe unabadilisha mifano kidogo tu.

Kabla ya siku yenyewe

Ongea na mwenyekiti wa mtaa na mtendaji mapema, waombe robo saa, na waombe ikae mwanzoni kabisa baada ya kufungua mkutano. Ukiwekwa mwisho baada ya taka, ulinzi shirikishi na michango, wale unaowataka zaidi, wamama wa biashara na wazee, watakuwa wameshaondoka kwenda sokoni au kupika. Mkutano wa Jumamosi asubuhi ni mzuri, watu hawajachoka na unaweza kuanza na salamu ya mwangaluka watu wakaitika.

Andaa simu mbili. Moja ya kitochi na moja smatifoni, zote ziwe na laini yenye hela kidogo. Kwenye ile smatifoni mwambie mtu akutumie kwa namba ya kawaida meseji ya uongo ya kupokea hela, mtaitumia mbele za watu. Spika ikiwepo sawa, isipokuwepo simama katikati ya watu, usisimame mezani mbali. Na mtafute wakala mmoja wa mtaa anayeheshimika akae karibu na wewe, kwa sababu maswali ya mwisho yatakuwa mengi na yeye anaona hivi vitu kila siku.

Usimtaje mtu aliyetapeliwa hapo mtaani, hata kama kila mtu anajua ni nani. Ukimtaja leo, kesho anayetapeliwa atakaa kimya, na akikaa kimya dakika zile za kuokoa hela zinapita.

Hotuba, sehemu ya kwanza: kata, alafu piga wewe

Anza hivi, bila utangulizi mrefu.

"Ndugu zangu, mwangaluka. Naomba kila mwenye simu aishike mkononi. Nauliza, nani hapa ameshapata meseji inasema ile hela tuma kwenye namba hii? Nyoosheni mikono. Mnaona, karibu wote. Sasa sikilizeni kwa nini ile meseji inafanya kazi. Tapeli hajui kama unadaiwa. Anawatumia watu wengi kwa mpigo, na kati ya hao lazima yupo mmoja ambaye kweli leo asubuhi alikuwa anajiandaa kumtumia hela mwenye nyumba, au fundi, au ada ya mtoto, au hela ya mzigo wa dagaa kule Ukerewe. Huyo mmoja akisoma ile meseji anaona inamuhusu yeye. Hajarogwa wala sio mjinga, ile meseji imemkuta tu kwenye wakati wake.

Tabia ya kwanza ndio hii. Mtu yeyote akikutafuta yeye, kwa simu au meseji au wasap, na kwenye maongezi ikaingia hela au namba ya siri, kata. Alafu piga wewe, kwa namba ambayo ulikuwa nayo kabla ya leo. Sio namba aliyokupa yeye, wala usibonyeze kurudisha ile simu iliyoingia. Mwenye nyumba una namba yake ya siku zote, ipigie hiyo. Mwalimu wa shule ya mtoto una namba yake, au mzazi mwenzako anayo, ipigie hiyo. Anayesema ni mtandao wa simu, mwambie sawa, kata, piga 100 mwenyewe. Na mjue, mitandao yetu yenyewe ikimpigia mteja inampigia kwa hiyo 100, haimpigii kwa namba ya kawaida ya 07 au 06."

Hapa simama kidogo, kwa sababu swali linakuja palepale: je kama kweli mtoto yuko hospitali? Hili ndilo linalowaumiza wazazi wenye watoto bweni, na lijibu taratibu.

"Mtu anapiga anasema mimi mwalimu wa zamu, mtoto wako ameanguka, tuko hospitali kubwa ya mjini, daktari anataka laki mbili ya kipimo sasa hivi, na anajua jina la mtoto. Usibishane nae, usimuulize maswali ya mtego, wengine wana majibu yote kwa sababu wamepata majina kwenye makaratasi ya shule au mtoto mwenyewe katajwa mtandaoni. Mwambie tu, nakupigia. Kata. Piga shule. Kumpigia mwalimu wa darasa ni dakika mbili, tatu. Kama mtoto kweli anaumwa, dakika tatu hizo hazimdhuru, na shule ikithibitisha unaenda mwenyewe au unamtuma ndugu aliye karibu. Kama ni tapeli, utaona ukikata tu anapiga tena na tena, anakuwa mkali, anasema ukikata mtoto anakufa. Mwalimu wa kweli hawezi kukukataza kupiga simu shuleni kwake."

Na ile ya wasap, ambapo rafiki yako wa kweli kabisa anaomba hela kwa maandishi, tabia ni ileile. Akaunti yake inaweza kuwa imechukuliwa na mtu mwingine. Mpigie simu ya kawaida, usikie sauti yake, muulize kitu ambacho mlifanya pamoja. Asipopokea, subiri.

Sehemu ya pili: amini menyu uliyofungua mwenyewe

Hii ndio sehemu ya kuchukua muda mrefu zaidi, na ndio ya vitendo. Chukua ile smatifoni, mpe mama mmoja wa mbele aisome kwa sauti ile meseji uliyoiandaa. Mfano wangu ninaoutumia ni wa mfanyabiashara wa dagaa pale mwaloni Kirumba, kwa sababu kila mtu Mwanza anaelewa hela ya mzigo inavyotembea kwenye simu.

"Tuseme mama ana 312,400 kwenye simu, ni hela ya kununulia mzigo. Saa nne asubuhi, watu wamejaa, kelele, inaingia meseji: Imethibitishwa, umepokea TSH 285,000, salio lako jipya ni TSH 291,350. Kabla hajamaliza kuisoma, simu inaita. Kijana mpole, analia kabisa, mama yangu nimekosea namba, ile ni hela ya mgonjwa, naomba nirudishie 270,000 tu, hiyo 15,000 baki nayo ya usumbufu. Mama ana huruma, anatuma 270,000. Akija kuangalia, amebaki na chini ya 42,400, kwa sababu na ada imekatwa. Zile 285,000 hazikuwahi kuingia.

Sasa turudi kwenye ile meseji tuikague pamoja. Alikuwa na 312,400. Ukiongeza 285,000 unapata 597,400. Meseji inasema salio jipya ni 291,350. Yani amepokea hela alafu salio likapungua! Tapeli hajui salio lako, kwa hiyo ile namba ameibuni. Kitu kingine, angalieni juu kabisa, imetoka wapi? Imetoka kwenye namba ya mtu, 07 na kuendelea. Meseji za kweli zinakuja kwa jina la huduma, kama M-PESA, na zinakaa kwenye mtiririko mmoja na zile za zamani."

Alafu waambie kitu ambacho wengi wanaofundisha hili hawasemi: hizo dalili mbili sio za kutegemea. Tapeli mwenye bahati anaweza kukisia salio karibu na lako, na jina la mtumaji nalo linaweza kuigwa. Dalili ni za kukushtua tu. Kinachoamua ni kimoja.

"Tabia ya pili: meseji sio hela. Hela ni ile unayoiona kwenye salio, ukiwa umefungua menyu wewe mwenyewe. Toeni simu, tufanye wote sasa hivi. M-Pesa *150*00#, Mixx by Yas *150*01#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#. Ingia kwenye akaunti yako, angalia salio, na mkono mmoja ufunike simu wakati unaweka namba ya siri."

Wape muda wa kutosha kabisa, pita katikati, wasaidie wazee. Utagundua wapo ambao hawajawahi kuangalia salio wenyewe, huwa wanampa mtoto au wakala aangalie na wanamtajia namba ya siri. Hao ndio uliokuja kwa ajili yao. Mzee asiyeona vizuri achague mtu mmoja wa nyumbani, mmoja tu, na wakala asiwe huyo mtu.

Kisha maliza hii tabia na mambo mawili yanayotoka humohumo. La kwanza ni namba ya siri. "Namba ya siri inaingia sehemu moja tu, kwenye menyu uliyoianzisha wewe. Ukiona simu inakudai namba ya siri na wewe hukuanzisha kitu, futa. Mtu akikwambia bonyeza nyota fulani alafu weka namba yako ya siri ili upokee, kata, kwa sababu kupokea hela hakuhitaji namba ya siri hata siku moja. Na ile namba ya uthibitisho ya tarakimu sita inayokuja kwa meseji ni hivyohivyo, haisomwi kwa mtu, hata akisema ni ndugu yako imekuja kwako kwa bahati mbaya."

La pili ni jina. Ukituma hela, kabla ya namba ya siri kuna jina linatokea. Waambie walisome kwa sauti. Kama unamtumia mwenye nyumba mzee Fulani na limetokea jina la binti usiyemjua, acha hapo, piga simu. Tapeli anajua hili na ndio maana anakuwahi, anasema jina litakuja la mke wangu, au la wakala. Ukisikia mtu anakuandaa kwa jina geni, umeshapata jibu. Na hata jina likifanana usilale, laini nyingi za matapeli zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine ambaye hajui chochote. Kila mtu apige *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yake, na akikuta asiyoijua aende duka la mtandao husika akaifute.

Swali litakalokuja hapa bila shaka ni: je kama hela kweli imeingia kimakosa? Jibu: usiirudishe wewe kwa mkono wako. Mwambie aliyetuma apige 100 kwenye mtandao wake aombe muamala urudishwe, na wewe hela usiiguse. Hapa usiwaache na sheria tupu, waeleze sababu. Wakati mwingine hela ni ya kweli lakini imeibwa kwa mtu wa tatu. Wewe unarudisha kwenye namba uliyopewa, yule aliyeibiwa analalamika mtandao unairudisha kutoka kwako, umetoa mara mbili.

Sehemu ya tatu: mtu wa pili kabla hela haijatoka

Hii ni fupi kuifundisha ila ni ngumu kuifanya, kwa sababu inagusa aibu.

"Tabia ya tatu. Hela yoyote ambayo jana ulikuwa hujui kama utaitoa leo, haitoki mpaka umemwambia mtu mmoja. Mwambie kwa sauti: natuma kiasi fulani, kwa fulani, kwa ajili ya kitu fulani. Basi. Asikupe ruhusa, akusikie tu. Mara nyingi ukijisikia wewe mwenyewe unavyoisema unashtuka kabla hata yeye hajajibu.

Ndio maana tapeli lazima akwambie usimwambie mtu. Wa freemason anasema ukitoa siri utapata madhara. Wa mganga anasema dawa itaharibika. Wa ajira anasema nafasi ni moja, wenzako wakijua wataiwahi. Wa mkopo anasema lipa ada ya usajili elfu thelathini ndani ya saa moja mkopo wa milioni unaingia. Hebu fikirieni, mtu mwenye milioni ya kukukopesha anashindwaje kukata hiyo elfu thelathini kwenye hiyohiyo milioni?"

Sasa fanya zoezi. Kila mtu amgeukie jirani amtajie mtu wake wa kumuuliza, kwa jina, na ahakikishe namba yake iko kwenye simu. Kwa wanandoa wasilazimishwe kuwa ni mume au mke, wengine ndio watu wanaowaficha zaidi, na mtu akichagua mtu anayemuogopa hatampigia. Rafiki wa kikoba, mjumbe, kaka, mtoto mkubwa, yeyote asiyemgombeza.

Ila toa onyo moja hapa, na ulitoe kwa uzito. Mtu wa pili asiwe yule aliyekuletea hiyo habari. LBL, ule upatu wa mtandaoni ulioanguka mapema mwaka 2025, haikuingia kwa namba ngeni, iliingia kwa shemeji, kwa jirani, kwa mtu wa kanisani ambaye mwenyewe alikuwa ameshalipwa kidogo kwa kubonyeza video kwenye simu na anaamini kabisa. Ukimuuliza huyo, atakwambia weka. Na ule upatu wa DECI ulioanguka mwaka 2009 ulikuwa hivyohivyo, wazee waliopo mkutanoni watakuwa wanaukumbuka, waache waongee dakika mbili. Kwa mipango ya namna hii muulize mtu ambaye hajaweka hela humo.

Waambie ukweli kuhusu mipaka

Tabia hizi hazimzuii mweka hazina wa kikoba aliyeamua kutoroka, wala kiwanja kilichouzwa mara mbili. Huko kunahitaji vitu vingine, kumbukumbu za maandishi, mashahidi, kwenda ofisi ya ardhi na kwa mwenyekiti kabla ya kulipa. Usijaribu kuvifundisha siku hiyohiyo, omba siku nyingine. Watu wakitoka na tabia tatu wanazikumbuka, wakitoka na kumi hawakumbuki hata moja.

Kama hela imeshatoka

Mtu atakufata pembeni baada ya mkutano, anaongea kwa sauti ya chini. Hii ndio unamwambia, na uiseme pia mbele ya wote kabla ya kumaliza: piga 100 ya mtandao wako palepale, usisubiri mpaka jioni, toa namba ya kumbukumbu ya muamala iliyo kwenye meseji yako na uombe hela izuiwe. Ikiwa bado iko kwenye simu ya aliyepokea kuna uwezekano wa kuiokoa, ikishatolewa kwa wakala inakuwa ngumu sana, na wao wanakimbilia kuitoa. Usizifute meseji. Iripoti ile namba kwenda 15040, hiyo ni huduma ya kuripoti namba za matapeli iliyo chini ya TCRA. Alafu nenda polisi na kitambulisho uchukue RB, bila hiyo ufuatiliaji hausogei. Na kama ulimtajia namba ya siri, ibadilishe kabla hata ya kupiga hizo simu, inachukua nusu dakika kwenye menyu.

Baada ya hapo mtu huyo atapata simu nyingine. Atajitokeza mtu anasema ni askari wa mtandao, au ofisa wa benki, hela yako imepatikana, lipa elfu hamsini ya kuifungulia. Namba za waliotapeliwa zinauzwa na zinatumika tena. Mwambie mapema, ili siku simu hiyo ikiingia akate apige polisi pale alipochukulia RB.

Ukitoka mkutanoni

Andika maneno haya kwa maka nene kwenye karatasi: KATA, PIGA WEWE. ANGALIA SALIO MWENYEWE. MWAMBIE MTU KWANZA. Chini yake weka 100 na 15040. Ibandike kwa mawakala wote wa mtaa, kwenye usawa wa macho ya mteja, pale anaposimama akitaja namba anayoitumia hela, sio juu ya mlango ambapo hakuna anayeangalia. Muombe wakala aulize swali moja kila anapoona mteja ana haraka isiyo ya kawaida, hasa mzee aliyeshika simu sikioni huku anatoa hela ya kuweka: "Huyu unayeongea nae, ulimpigia wewe au kakupigia yeye?"